Maelezo ya picha za tumbo lako

Mama Rehema, shikamoo.

Jana nilipokueleza majibu ya kipimo cha kamera ya tumboni, dawa ya usingizi ilikuwa haijaisha vizuri, na Rehema ameniambia usiku hukulala kwa sababu ya neno "biopsi". Nimekuandikia ili usome taratibu, karatasi ya picha ikiwa mkononi.

Naanza na hilo linalokunyima usingizi. Biopsi ni kukata kinyama kidogo kikapimwe, na hakumaanishi kwamba nimeona saratani. Kidonda chochote kilichoota ndani ya mfuko wa tumbo tunakikata kipimwe, hata kikionekana cha kawaida, kwa sababu jicho peke yake halitoshi kutoa hukumu. Chako hakina dalili za kutisha: kingo zake ni laini na hazijavimba. Hata hivyo nasubiri majibu ya maabara kabla ya kukuhakikishia.

Sasa tazama picha. Ya 1 ni umio, njia inayoshusha chakula, na ni safi. Ya 2 ni sehemu ya juu ya tumbo. Ile rangi ya waridi yenye mikunjo ndivyo tumbo zima linavyopaswa kuwa. Ilinganishe na ya 3, karibu na mlango wa kutokea chakula. Hapo ukuta umeiva wekundu, una mabaka na vichubuko vidogo. Huo ndio uvimbe wa ngozi ya ndani, na ndio unaokufanya ujae gesi na kushiba baada ya matonge mawili.

Picha ya 4 ndiyo yenye kidonda. Ni kile kishimo cha milimita 8 hivi, chenye utando mweupe unaoelekea njano. Utando huo si usaha, ni sehemu ya kupona. Nilitafuta mshipa uliochomoza au damu iliyoganda, sikuona, na ndiyo maana nilikuruhusu kurudi nyumbani jana hiyohiyo. Ya 5 inaonyesha kibanio kikichukua kinyama. Kila kipande ni kidogo kuliko punje ya mchele, na ukuta wa ndani wa tumbo hausikii maumivu ya kukatwa hivyo. Ya 6 ni mwanzo wa utumbo mdogo, nao uko salama.

Vinyama vya kwenye kingo za kidonda na vingine vya ukutani vimekwenda maabara. Majibu yatachukua takribani siku kumi. Kimoja nilikiweka palepale kwenye kipimo cha rangi ya njano, kikageuka waridi. Maana yake una bakteria ambaye kwenye fomu ameandikwa H. pylori. Huyu anaishi katikati ya asidi kwa kutengeneza amonia inayomkinga, na amonia hiyo ndiyo iliyobadilisha rangi.

Umesema jirani anakulaumu kwa pilipili na mawazo. Pilipili inaweza kukuchoma, lakini haikuchimba kidonda hiki. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria huyu na jinsi anavyosababisha vidonda. Kwako kuna na mshirika wake: diklofenaki unazonunua duka la dawa kwa ajili ya magoti. Ziache kabisa. Goti likiuma tumia parasetamoli, nasi tutatafuta njia nyingine.

Dawa zako ni tatu: omeprazoli miligramu 20, amoksilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500. Zote asubuhi na jioni kwa siku 14. Omeprazoli itangulie nusu saa kabla ya chakula. Mdomo utakuwa mchungu, na tumbo linaweza kuharisha kidogo. Vumilia. Wengi huacha siku ya tano maumivu yakitulia, na bakteria waliobaki huwa sugu. Hapo matibabu ya pili huwa magumu zaidi. Ukipata vipele au kuvimba uso, acha na uje mara moja.

Baada ya hapo endelea na omeprazoli moja kila asubuhi hadi zitimie wiki 8 tangu ulipoanza. Kisha iache wiki 2 kamili, maana inaweza kuwaficha bakteria kwenye kipimo, halafu turudie kamera. Najua mpira ule haupendezi kumeza. Lakini kidonda cha tumboni lazima nikione kimefunga, na nipime tena kama bakteria wamekwisha.

Rehema aliuliza kama familia nzima inywe dawa. Hapana. Wengi huambukizwa utotoni na hawaugui kamwe. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha aje apimwe.

Ukitapika damu au kitu cheusi, choo kikiwa cheusi kama lami, ukizimia au tumbo likikaza ghafla kwa maumivu makali, usisubiri kupambazuke. Nendeni hospitali ya karibu, na mbebe karatasi hii.

Daktari wako wa chumba cha endoskopi