Mkoba wa Kazi: Kusoma na Kuandika, Darasa la Pili

Mkoba huu umeandaliwa kwa ajili ya tathmini ya mwisho ya Stashahada ya Ualimu wa Elimu ya Msingi, ukihusu mazoezi ya kufundisha niliyoyafanya katika darasa langu mwenyewe, Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga, kati ya Februari na Septemba 2025. Mimi ni mwalimu kazini, mwaka wa tisa sasa. Darasa lilikuwa na wanafunzi 67 mwezi Februari. Wawili walihama kabla ya likizo ya Juni, ndiyo maana majedwali ya baadaye yana 65.

Nilipoanza kukusanya nilikuwa na boksi zima: vyeti vya warsha, picha za mahafali, azimio la kazi la mwaka, hata nakala ya kitabu cha wageni ambamo mgeni mmoja aliandika "kazi nzuri". Karibu vyote nimeviacha. Cheti cha warsha kinasema nilihudhuria, na pengine nilikula chakula cha mchana. Hakisemi kama kuna mtoto aliyejifunza kusoma. Nimebakiza vielelezo sita tu. Majina ya watoto nimeyafuta na kuweka herufi, na wazazi wa wale ambao madaftari yao yamo humu wameridhia, kwanza kwa mdomo kwenye kikao, kisha kwa saini.

Kielelezo cha 1: Andalio la somo, 11 Februari 2025

Nimeliweka hili mbele kwa makusudi, ingawa ndilo baya kuliko yote. Umahiri mahususi umeandikwa kama ulivyo kwenye muhtasari, hatua za somo zipo, muda umegawanywa sawasawa. Kwenye sehemu ya tathmini niliandika: "Somo limeeleweka." Mkufunzi aliyekuja kunikagua siku hiyo akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu maneno mawili: "Na nani?"

Sikuwa na jibu. Waliokuwa wakijibu ni wale wale wa madawati ya mbele, nami nilikuwa nimewahesabu kana kwamba ni darasa zima. Kielelezo hiki kinaonyesha nilipoanzia. Bila hicho, vinavyofuata havitaeleweka.

Kielelezo cha 2: Jedwali la kupima kusoma, Februari na Juni

Kuanzia wiki iliyofuata nilimwita kila mtoto mezani peke yake, wanane hadi kumi kwa siku, wakati wenzao wakinakili. Kila mmoja alisoma herufi, kisha silabi, kisha maneno, kisha sentensi tatu fupi. Matokeo ya Februari: 19 walisoma sentensi bila msaada, 31 waliishia kwenye silabi na maneno, 17 hawakuzijua sauti za herufi. Mwezi Juni, kwa karatasi ile ile: 38, 21 na 6.

Naomba jedwali lisisomwe kama sifa. Karatasi ilikuwa ileile, kwa hiyo huenda wachache walikumbuka sentensi badala ya kuzisoma. Ningelifanya tena leo ningebadilisha sentensi na kuacha kiwango cha ugumu kilekile. Linachothibitisha ni kwamba nilijua kila mtoto yuko wapi, na kwamba makundi yaliyo kwenye andalio la Machi yalitokana na takwimu, si na mahali mtoto alipokaa.

Kielelezo cha 3: Andalio la somo, 13 Machi 2025

Lilinganishwe na lile la kwanza. Hapa kuna shughuli tatu kwa wakati mmoja, na sehemu ya tathmini inasema: "Kundi la tatu, 11 kati ya 17 wametofautisha sauti ya m na n, sita watarudia kesho kabla ya gwaride." Ni sentensi moja tu, lakini ilinigharimu mwezi mzima kuweza kuiandika kwa haki.

Kielelezo cha 4: Kurasa nne za daftari la mwanafunzi K

Kama wapimaji wana muda wa kusoma kielelezo kimoja tu, naomba kiwe hiki.

Ukurasa wa kwanza ni imla ya Februari. Nilisoma: "Dada ana dodo." K aliandika: "Baba ana bobo." Nilihitimisha kwamba hasikii tofauti ya sauti hizo mbili, na kwa wiki tatu nikamrudishia sauti: ba, da, ba, da, asubuhi na mchana. Ukurasa wa pili, wa mwanzoni mwa Machi, makosa ni yaleyale.

Siku moja nikamwonyesha alichoandika nikamwambia anisomee. Akasoma bila kusita: "Dada ana dodo." Alikuwa anasikia vizuri na kutamka vizuri. Aliyekuwa hajaelewa ni mimi. Tatizo lilikuwa umbo, upande ambao tumbo la herufi linakaa, na wiki tatu zangu zilikuwa zimetibu ugonjwa ambao mtoto hakuwa nao.

Tukahamia kwenye sinia la mchanga. Kwa b, fimbo kwanza kisha tumbo. Kwa d, tumbo kwanza kisha fimbo, akisema kwa sauti huku kidole kikichora. Ukurasa wa tatu unaonyesha amefuta na kurekebisha mwenyewe mara nne. Kufuta huko kwangu ni ushahidi bora kuliko ukurasa safi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia afute. Ukurasa wa nne ni wa Mei: "Dada ana dodo bovu." Herufi zote ziko mahali pake.

Kielelezo hiki kinaonyesha kwamba naweza kusoma kosa la mtoto kabla ya kulisahihisha. Kinaonyesha pia kwamba mwanzoni sikuweza.

Kielelezo cha 5: Picha ya herufi za vifuniko vya soda

Vifuniko 140, herufi zimeandikwa kwa rangi, kila kundi lina mfuko wake. Picha imepigwa mezani, hakuna sura ya mtoto. Inaonyesha zana ya gharama ndogo iliyotumika. Vifuniko vilivyochubuka rangi ni a na m, ndivyo vilivyoshikwa zaidi.

Kielelezo cha 6: Kumbukumbu za kikao cha jumuiya ya ujifunzaji

Vikao hivi ni sehemu ya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini. Nimeambatisha ukurasa mmoja wa Julai ambapo niliwasilisha daftari la K. Mwalimu wa Darasa la Kwanza alisema yeye hufundisha b na d wiki moja kwa sababu zinafanana, na mimi nikapendekeza zitenganishwe. Hatukukubaliana, kumbukumbu zinasema hivyo, nami sikuona sababu ya kutafuta ukurasa wenye maelewano. Agosti alijaribu kuzitenganisha kwa mkondo mmoja tu. Bado tunalinganisha.

Kuhusu wale sita

Watoto sita ambao Juni walikuwa bado hawazijui sauti za herufi hawana kielelezo chao, ila wapo kwenye daftari la mahudhurio. Wanne kati yao hukosa shule siku za gulio, na zaidi msimu wa machungwa. Nimezungumza na wazazi wa watatu. Mzazi wa mtoto wa nne sijampata nyumbani mara zote mbili nilizokwenda. Wawili waliobaki wanahudhuria kila siku na bado hawasomi. Hao nimeomba wapimwe macho na masikio, na hadi naufunga mkoba huu tarehe 26 Septemba majibu yalikuwa hayajafika.

Tamko: Kazi iliyomo ni yangu, isipokuwa vifuniko vya Kielelezo cha 5, ambavyo nusu yake vimepakwa rangi na mwalimu mwenzangu wa Darasa la Pili, mkondo B.