Hongera Mheshimiwa Jaji, kutoka kwetu mawakili wa TLS Dodoma

Mheshimiwa Jaji, mbukwenyi!

Aisee tumefurahi. Taarifa ya Ikulu ya uteuzi wako kuwa Jaji wa Mahakama Kuu ilipotoka ile jioni grupu letu la mawakili Dodoma halikulala, kila mtu anaandika hongera, wengine wanatuma picha zako za siku ulizokuwa unakimbizana na mashahidi pale Kituo Jumuishi huku umebeba mafaili kwapani, na ulivyokula kiapo Chamwino ndo kabisa, kuna mzee wetu mmoja (unamjua, yule haachi suti hata Oktoba na hili joto) alikaa mbele ya TV kimya mpaka mwisho afu akasema huyu kaupata kwa jasho. Sisi wote tunasema hivyo hivyo.

Tunakujua kwa kazi. Wengi wetu umetupiga kwenye kesi za viwanja, na Dodoma hii tangu CDA ivunjwe 2017 na watu wazidi kuhamia, migogoro ya viwanja si mchezo, kiwanja kimoja kina wenye barua watatu. Ulikuwa unasoma faili mpaka risiti ya mwisho. Na hata kabla ya yale marekebisho ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, we ulikuwa ukitoka chumba cha mahakama unakaa na mteja kwenye benchi unamweleza kilichotokea mpaka anaelewa, hata kama ni bibi ametoka Bahi na basi la asubuhi. Hayo hatujasahau.

Sasa Mheshimiwa, kuna jambo tunataka tuliseme wazi maana hongera bila hili haijakamilika. Siku mbili za kwanza lilikuja wazo grupuni tuchange, tukununulie zawadi, mmoja akasema hata katoni za mvinyo wa hapahapa kwetu tu jamani, mwingine akataka tukuandalie dina ukae meza kuu. Nia ilikuwa njema kabisa. Ila viongozi wa chama tulikaa tukakataa, na wanachama walielewa haraka, kwa sababu sisi ndo tutakaosimama mbele yako kesho na upande wa pili atakuwepo mtu asiye na wakili, amekuja na kabrasha lake la nailoni, akisikia mawakili walimlisha jaji hata ukimhukumu kwa haki atarudi kijijini akiamini alishindwa mezani. Hela iliyokuwa imeshaanza kuingia wenyewe waliochanga wamekubali iende kwenye msaada wa kisheria kwa mahabusu wasio na uwezo.

Kwa hiyo zawadi yetu ni kukaa mbali kidogo. Hakuna wa kwetu atakayekupigia simu usiku kuulizia uamuzi unatoka lini, akitokea wa kujifanya ametumwa na chama jua hajatumwa. Kule ofisini kwako pa zamani tunajua wenzako wameshaanza kugawana mafaili, na ikitokea shauri ulilowahi kuligusa likaja kwako tukaomba ujitoe, tafadhali usilichukulie kama dharau. Hukumu ambayo haijaturidhisha tutaikatia rufani Mahakama ya Rufani, hatutaenda kukusema redioni.

Na hatutakuita "jaji wetu" mbele ya wateja, japo itatuuma. Katiba ibara ya 109 inasema Rais anateua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, lakini ukishaapa ibara ya 107B inakutaka uzingatie Katiba na sheria za nchi tu, basi, huna deni kwa aliyekuteua wala kwa sisi tuliokuwa tunakunywa chai na we kantini. Serikali ikija na kesi yake ipime kama kesi ya mtu yeyote, na sisi tukija na yetu vilevile. Mapingamizi ya awali tunayapenda, unajua, na ibara ya 107A imeshasema haki isikwamishwe na masharti ya kiufundi kupita kiasi, yale ya kupoteza muda yatupe tu bila kutuonea haya... ila hapa tunaishia, tusije tukaanza kukufundisha kuhukumu kwenye barua ya pongezi!

Kituo utakachopangiwa kikiwa Dodoma au mbali, tutakuinamia kama tunavyowainamia majaji wengine wote. Familia yako pia tunaipa hongera, hasa mama, tumemwona kwenye picha ya kiapo amevaa kitenge kipya anafuta machozi. Mungu akupe afya na uvumilivu wa kutusikiliza, maana we mwenyewe unatujua tukishika maiki.

Hongera sana Mheshimiwa Jaji.

Viongozi na wanachama,
Chama cha Mawakili Tanganyika, Dodoma