YAH: Kupanda kwa kodi ya vyumba kuanzia Januari 2025

Pasua, Moshi
28 Septemba 2024

Wapendwa wapangaji wangu,

Habari za kazi na familia. Nawaandikia mapema ili kila mmoja ajipange: kuanzia tarehe 1 Januari 2025 kodi ya chumba itatoka shilingi 70,000 na kuwa 80,000 kwa mwezi.

Kilichonilazimisha zaidi ni paa. Mnakumbuka masika ya mwaka huu, vyumba vya nyuma watu walilala na mabeseni chini ya matone. Bati za zamani zilikuwa zimeoza na mbao zake zimeliwa na mchwa, kwa hiyo kuziba matundu kusingesaidia kitu. Nimenunua bati 40 za geji 28 kwa shilingi 34,000 moja, jumla 1,360,000. Mbao, misumari na ufundi vikachukua 585,000. Risiti zote ninazo, anayetaka kuziona aje tu.

Choo nacho kilikuwa kinanyonywa mara moja kwa mwaka. Sasa tumekuwa wengi, gari linakuja mara mbili, na kila safari ni 120,000.

Upande wa serikali, kodi ya jengo ilipanda Julai 2023 kutoka 12,000 hadi 18,000 kwa mwaka, na kodi ya ardhi ya kiwanja ipo palepale kila mwaka. Hizi peke yake nisingezipandishia chumba, lakini zinakuja juu ya gharama za paa na choo. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, 1,500 kila mwezi, na mita iliyosajiliwa kwa kodi hiyo ni ya chumba namba 2. Huo ni mzigo wangu mimi mwenye nyumba. Mpangaji wa chumba hicho aendelee kuitoa hiyo 1,500 kwenye kodi yake kila mwezi, na asione haya kunikumbusha.

Nyongeza ya 10,000 kwa vyumba 6 inaleta 720,000 kwa mwaka. Nikitoa gharama ya safari ya pili ya gari la choo, fedha ya paa itanirudia baada ya miaka zaidi ya 3. Nimepiga hesabu nikiwafikiria, maana najua biashara sokoni si nzuri na ada za watoto zinaanza Januari hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo, ambaye mkataba wake unavuka Januari ataendelea na 70,000 mpaka uishe. Anayeshindwa kulipa miezi mitatu kwa mkupuo, nitapokea mwezi mmoja mmoja hadi Juni. Na sitapandisha tena kabla ya Januari 2027. Hilo nitaliandika kwenye mikataba mipya.

Jumapili tarehe 6 Oktoba, saa 10 jioni, nitakuwa hapo uani. Mwenye shida yake binafsi anipigie kabla, tuongee wawili. Anayeamua kuhama anijulishe mwezi mmoja kabla, nami nitamrudishia kodi ya miezi ambayo hajakaa.

Wenu,
Mama Aneth
Mwenye nyumba