Mti Hauogopi Januari, Unaogopa Agosti: Wito kwa Vijana wa Nkuhungu

(Maneno ya video. Urefu: dakika 9 hivi. Imepigwa Oktoba, kwenye kitalu cha kikundi na uwanja wa shule ya msingi jirani, Nkuhungu, Dodoma.)

[Picha: Asubuhi, jua linachomoza. Ardhi nyekundu imepasuka. Dumu la njano la lita 20 linawekwa chini, vumbi linaruka. Katibu wa kikundi, dada wa miaka 24, anatazama kamera.]

KATIBU: Mbukwenyi! Habari za asubuhi, ndugu zangu. Hapa ni Nkuhungu, na huu ni Oktoba. Tazameni hii ardhi. Mvua ya mwisho ya maana ilinyesha Aprili. Wenyeji wa Dodoma mnajua, na wageni mliohamia juzi na ofisi za serikali mtajua: huku kwetu tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata milimita 550 hadi 600 hivi. Ikishakata, imekata. Miezi saba mti mchanga unaishi kwa huruma ya mtu.

Leo tunatafuta huyo mtu.

[Picha: Mistari ya mashimo matupu kwenye uwanja wa shule. Kijiti kikavu kimesimama katikati ya shimo.]

KATIBU: Nianze na ukweli wetu wenyewe. Msimu wetu wa kwanza tulipanda miche 200 hapa. Ilikuwa Januari, mvua inanyesha, watu wamejaa, nyimbo, picha, kila mtu na mche wake mkononi. Nilifurahi mpaka nikalia. Oktoba tulirudi kuhesabu. Tulikuta miche 31. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine na mchwa, na iliyobaki ilikufa kiu. Hakuna aliyeiua kwa makusudi. Ni kwamba siku ya kupanda tulikuwa watu themanini, na siku ya kumwagilia tulikuwa watatu.

Kwa hiyo hatuwaiti kuja kupanda. Watu wa kupanda tunao. Tunawaita mje kutunza.

[Picha: Kijana mwendesha bodaboda, miaka 27, koti la kazi, amechuchumaa kwenye mche wa mwarobaini. Pembeni ya mche kuna kifuniko cha kopo kimepakwa rangi: 17.]

KIJANA WA BODABODA: Mimi natoka kijiweni hapo barabarani. Huu ni wa kwangu, namba 17. Kila mti una namba, na kila namba ina mwenyewe kwenye daftari. Sogeza kamera hapa uone. Hiki ni kisahani, tumekichimba kuzunguka shina ili maji yasikimbie. Ndani tumetandaza nyasi kavu, jua lisinyonye unyevu. Hii nyeupe ni majivu, kwa ajili ya mchwa. Na hii miiba ni kwa ajili ya mbuzi, maana mbuzi wa Dodoma hachagui.

Namwagilia jioni, si mchana. Ukimwaga maji saa saba mchana, mengi yanaondoka na jua. Dumu moja nalitumia kwa miti minne. Namimina polepole, nasubiri yazame, naongeza. Ukimimina kwa haraka maji yanateleza juu na mizizi haipati kitu.

[Picha: Maji yanazama taratibu. Kamera inakaa hapo sekunde kumi bila maneno.]

KATIBU: Sasa muda, maana hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu, na ni haki yako kuuliza kabla hujasema ndiyo.

Tunaomba mwaka mmoja, Novemba hadi Oktoba. Najua ni mrefu. Lakini mti ukipewa mlezi wa miezi miwili, tumerudi kulekule kwa miche 31.

Ndani ya huo mwaka, utakuja Jumamosi mbili kwa mwezi, saa 1:00 hadi saa 4:00 asubuhi. Hizo ni saa sita kwa mwezi. Mvua ikinyesha vizuri ni hizo tu. Kiangazi kikianza, kuanzia Mei, unaongeza zamu ya maji: jioni moja kwa wiki, chini ya saa nzima. Ukijumlisha, mwezi wa kiangazi unakula kama saa kumi za maisha yako. Februari nayo iangalie, maana mara nyingi mvua hukatika katikati ya msimu kwa wiki mbili tatu, na hapo tunaweza kukuita kwa dharura.

Siku unaumwa, una msiba, una mtihani, unamwambia mwenzako wa zamu mapema, anakushikia. Na wewe siku nyingine unamshikia. Asiyesema ndiye anayetuumiza.

[Picha: Vijana wawili wanachimba kwa sururu. Udongo mgumu, cheche kwenye jiwe.]

KATIBU: Kazi zinafuata mvua. Novemba ni mashimo, na hii ndiyo kazi nzito kuliko zote. Shimo ni sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana. Udongo wa juu tunauweka upande wake, ule wa chini upande wake, halafu wa juu tunauchanganya na ndoo ya samadi na kuurudisha kwanza, maana ndio wenye rutuba. Udongo wetu ukikauka ni kama saruji. Tunachimba wawiliwawili, mmoja anapiga sururu, mwingine anapumzika na kuzoa.

Mvua ikishalowesha ardhi vizuri, tunapanda. Siku moja, mbili, zimeisha. Kisha palizi, kisha maji.

[Picha: Kitalu. Kivuli cha nyasi, mamia ya viriba vyeusi. Msichana wa miaka 19 anajaza udongo.]

MSICHANA WA KITALUNI: Mimi siwezi kazi ya sururu, nina tatizo la mgongo tangu utotoni. Nilidhani sitapokelewa. Nikaletwa huku kitaluni. Najaza viriba, nasia mbegu, nang'oa magugu. Nimejifunza mbegu ya mwarobaini haitaki kuwekwa, ukiiokota inabidi uisie ndani ya wiki mbili hivi, ukichelewa haioti. Ya mkwaju ni ngumu, tunailoweka kwanza kwenye maji ya moto. Mlonge hauna shida, siku chache tu umechungulia.

Na ninashika daftari. Kila mwisho wa mwezi napita mti kwa mti: uko hai, umekufa, umeliwa. Uliokufa naandika umekufa. Tulikubaliana hapa hatudanganyi daftari.

[Picha: Shamba nje ya mji. Kisiki kilichochipua, kitambaa chekundu kimefungwa kwenye chipukizi.]

KATIBU: Kazi nyingine ninayoipenda mno, na wengi hawaijui, ni kisiki hai. Mti uliokatwa zamani, mizizi yake bado iko hai chini, na kila mwaka unachipua vichaka ambavyo watu wanavifyeka. Tunaomba ruhusa kwa mwenye shamba, tunachagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, tunapogoa mengine yote, tunafunga kitambaa ili kila mtu ajue huu usikatwe, halafu tunaulinda. Huu hauhitaji dumu hata moja, mizizi yake ilishafika chini kwenye unyevu kabla sisi hatujazaliwa. Hapa Dodoma njia hii imeenea vijiji vingi, na mimi nashangaa tulianza na miche kabla ya kuanza na visiki.

[Picha: Mama jirani, miaka hamsini na kitu, anasuuza nguo uani. Anamwaga maji ya mwisho kwenye ndoo iliyowekwa pembeni.]

MAMA JIRANI: Hawa wanangu walikuja kunipigia hodi. "Shikamoo mama, tunaomba maji unayosuuzia nguo, usiyamwage." Nikasema marahaba, ila ya sabuni nyingi siwapi. Wakasema hayohayo ya mwisho yanatosha. Sasa nawawekea. Jioni wanapita na guta wanachukua. Huo mti wa pale getini ni wao, lakini kivuli ni changu.

[Picha: Katibu tena, amekaa kwenye benchi la kitalu.]

KATIBU: Kuomba maji nyumba kwa nyumba nayo ni kazi. Kama wewe ni mwepesi wa kuongea na wazee, tunakuhitaji kuliko mwenye misuli.

Hela. Niseme waziwazi, kwa sababu vijana wenzangu wengi mnapita hapa mkiuliza. Hatulipi posho. Hiki si kikundi cha kuombea mkopo wa halmashauri. Ile asilimia 4 ya vijana ni haki yenu, ifuateni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, lakini si kwa mlango huu. Jumamosi kuna uji na maji ya kunywa. Sururu, glovu na madumu ni vya kikundi. Hakuna kiingilio wala ada. Mtu akikuomba hata shilingi mia ya fomu, huyo hatumjui.

Unapata nini? Unajifunza kitalu kuanzia mbegu mpaka mche, na huo ujuzi ni wako, ukitaka kwenda kuuza miche yako mwenyewe nenda. Ukimaliza mwaka, tunakuandikia barua inayosema ulifanya nini na kwa saa ngapi, kwa mujibu wa daftari.

Tunapokea kuanzia miaka 15 hadi 35. Kama hujafika 18, mzazi au mlezi wako aweke sahihi kwenye fomu, tena tunaomba aje mwenyewe tuonane. Zamu ya maji hakuna anayekwenda peke yake, ni wawili, na kabla giza halijaingia kila mtu yuko kwao. Hilo ni kwa wote, na kwa wasichana tunalisimamia mara mbili.

[Picha: Fomu ya ukurasa mmoja juu ya meza, kalamu, daftari la kaunta.]

KATIBU: Kujiunga ni hivi. Njoo Jumamosi ya kwanza ya Novemba, saa 1:00 asubuhi, hapa kitaluni. Ni nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, utaona uzio wa miiba na mwarobaini mkubwa. Vaa viatu vya kufunika vidole na kofia. Utajaza fomu: jina, mtaa unaokaa, siku zako za nafasi, na namba ya mtu wako wa karibu. Siku hiyohiyo utashika sururu, ili uondoke ukijua unaingia kwenye nini.

Novemba yote ni ya majaribio. Ukiona haikufai, unatuambia na tunaagana vizuri. Ukibaki, Desemba unapewa miti yako minane na mwenzako wa zamu. Walio kidato cha nne, Novemba malizeni mitihani kwanza, nafasi zenu tunaziweka mpaka Jumamosi ya pili ya Desemba.

Tunahitaji watu 25. Tukipata 40, tutaongeza mashimo.

[Picha: Jioni. Kijana wa bodaboda ameshika dumu, anasogea kwenye mche mdogo usio na nyasi wala miiba. Kifuniko cha kopo: 88. Anamimina polepole.]

KIJANA WA BODABODA: Huu namba 88 si wangu. Aliyekuwa nao alihamia Singida, alikuja kuaga vizuri kabisa. Nauongezea mimi kwenye zamu yangu tangu Julai. Una majani tisa, nimehesabu jana. Nautunza mpaka Desemba, mwenyewe mpya atakapopewa.