KUH: Kupinga bili ya maji ya Julai 2025, akaunti 0417226, Tudor

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja,

Mombasa, 7 Agosti 2025

Assalamu alaykum.

Bili mliyonitumia ya tarehe 31 Julai inanidai Sh 14,870 kwa yuniti 112. Siikubali, na naomba isahihishwe kabla ya tarehe 18 Agosti, siku mliyosema mtanikatia maji.

Bili yenyewe inasema mita ilisoma 1,284 tarehe 30 Juni na 1,396 tarehe 31 Julai. Lakini Jumatatu, tarehe 4 Agosti, mita yangu ilisoma 1,297. Leo asubuhi inasoma 1,298. Mita hairudi nyuma. Picha zote mbili nimeziambatisha, na nambari ya mita inaonekana wazi.

Naamini msoma mita aliona 1,296 akaandika 1,396. Kioo cha mita kimepata ukungu kwa ndani, na ile 2 huonekana kama 3 mpaka uiname uangalie kwa karibu. Mkiiweka 1,296, matumizi ya Julai yanakuwa yuniti 12, sawasawa na ya Juni, ambayo nililipa Sh 1,365. Mwezi wa Mei nilitumia 11.

Hata tukiacha picha, hesabu haiingii akilini. Yuniti moja ni lita 1,000, na tanki langu ni la lita 1,000. Mtaa wetu hupata maji Jumanne na Ijumaa tu, kwa hiyo Julai yalikuja siku tisa. Ili nifikishe yuniti 112 ingebidi nijaze tanki zaidi ya mara 12 kila siku ya mgao. Nyumba hii ina watu wanne. Huwa hatumalizi hata tanki mbili kati ya mgao na mgao.

Nimekagua pia kama kuna bomba linalovuja. Jumanne maji yalipokuwa yanakuja nilifunga mifereji yote pamoja na valvu ya tanki, nikasimama pale kwenye mita. Kigurudumu kidogo chekundu hakikusogea hata kidogo.

Jana nimelipa Sh 1,365 kwa M-Pesa kwenye akaunti hii, kiasi ambacho sikibishii. Ikiwa hesabu sahihi itazidi hapo, nitaongeza tofauti.

Ninachoomba ni hiki: mleteni afisa aisome mita upya nikiwepo, mnitumie bili iliyorekebishwa kwa maandishi, na msinikatie maji wakati malalamiko haya hayajaamuliwa. Mama yangu mzee anaishi nami na hawezi kubeba mitungi. Kioo hicho nacho kibadilishwe, la sivyo kosa litajirudia mwezi ujao.

Nipo nyumbani kila asubuhi hadi saa tano. Nisipojibiwa kufikia tarehe 15 Agosti, nitapeleka barua hii na picha zake kwa Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji. Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa.

Wenu,
Mama Salma
Mwenye akaunti 0417226