Shukran kwa intavyu ya jana, na lile swali la kontena la vigae

Asalaam aleykum Bi Salma,

Shukran kwa muda wenu jana, wewe na yule kaka anayepiga entri. Asubuhi yenyewe mlikua na meli imeshafunga Kilindini, simu hazitulii, na bado mkanikalisha karibu saa nzima.

Nataka kurudi kwenye swali moja. Mliniuliza manifesti inasema kilo 24,600, paking listi inasema 26,400, kontena limekwama, nafanyaje, nami nikajibu mbiombio kwamba ningerekebisha entri. Jibu lile halikua sawa na nilijua nikiwa feri narudi Likoni. Kosa likiwa kwenye manifesti hata nipige entri mara kumi haitakaa, maana manifesti si yetu, ni ya wakala wa meli na yeye ndo wa kuomba kastamu irekebishwe. Kwa hivo ningeanza na bili ya leding, paking listi na invoisi zote mezani, halafu niangalie uzito uliopimwa kabla kontena halijapakiwa melini, ule ulokua lazima tangu 2016, nitoe uzito wa kontena lenyewe nione unabaki ngapi. Nne na sita zikipishana hivi mara nyingi ni kidole cha mtu tu, mzigo hauna neno. Hapo namwandikia wakala na karatasi zote nimeziambatisha, na mwenye mzigo nampigia siku hiyohiyo, asije akajua habari kupitia bili ya storeji.

Halafu ule ubao wenu wa kalamu nyekundu, unaohesabu siku zilobaki za kila kontena, ndo ulonifanya niitake hii kazi zaidi ya nilivyokuja nayo. Kule yadini Changamwe hesabu hiyo ilikua nyuma ya daftari la mtu mmoja, na siku akiumwa twaanza kuulizana. Nikipata nafasi ningependa kuanza na ubao huo, kuufuta na kuuandika kila asubuhi, hata kabla sijafundishwa mengine.

Ekseli nilisema mimi ni wastani na nabaki na neno langu. Tarehe na jumla naziweza vizuri, zaidi ya hapo itabidi nionyeshwe mara moja au mbili.

Ile barua ya supavaiza wangu ulotaka nimeituma pamoja na hii imeili. Notisi yangu kazini ni wiki mbili, nimeulizia tena leo na haijabadilika. Ulisema jibu ni Ijumaa, basi nangoja Ijumaa, lakini kukiwa na karatasi nyengine mnayoihitaji kabla ya hapo niandikie tu, simu yangu iko wazi baada ya saa kumi jioni nikitoka zamu.

Wasalaam,
Mwanajuma