Kwa walimu wa Idara ya Hisabati: fomula za mahudhurio

Ndugu walimu,

Jedwali la Kidato cha Pili sasa linahesabu lenyewe. Siku za masomo ziko C hadi Y. Safu ya Z hujumlisha kila H (hayupo):

```
=COUNTIF(C5:Y5,"H")
```

AA humwonyesha aliyefikisha siku 3:

```
=IF(Z5>=3,"FUATILIA","")
```

Andikeni H peke yake. Ukigusa kitufe cha nafasi baada yake, macho yako hayaoni tofauti ila fomula inairuka, na mtoro wetu anapeta. Herufi ndogo haina shida. Mgonjwa mwenye ruhusa awekewe R, tusimsumbue mzazi bure. Akija mwanafunzi mpya, burutani fomula hadi mstari wake, msizichape upya.

Majina ya FUATILIA nitamkabidhi mwalimu wa nidhamu kila Ijumaa saa 6 mchana.

Mkuu wa Idara